Kuhama Tandika

Sabufa imeshafungwa kwenye shuka, kirikuu kinangoja nje, na Rehema bado anahangaika na pazia. Mwaka 2015 alipanga chumba hiki cha uani akiwa na godoro, ndoo na mimba ya miezi saba. Kila alikopita walitaka kodi ya miezi sita. Mzee mwenye nyumba hii akapokea ya miwili. "Nyingine utaleta ukijaliwa, mwanangu."

Hakuwa malaika, ukiacha taa ikiwaka mchana, mtaa mzima utajua. Lakini 2020, shule zilipofungwa kwa korona na maandazi yakakosa wateja, mzee hakumgongea mlango kudai. Alimtuma mjukuu na unga wa sembe, na Luku akawa ananunua mwenyewe. Deni lile Rehema alilipunguza kidogo kidogo, bila karatasi wala shahidi.

Sasa mzee kasimama mlangoni na bakora yake, anakagua dari.

"Balbu ya chooni uliinunua wewe. Ichomoe."

"Iache tu, baba."

"Haya. Na huko Chanika kwako, maji yapo?"

"Tumechimba kisima."

"Basi mwambie huyo dereva wako asinikanyagie mchicha."