Gunia la Karafuu

Vijana, nisikizeni, habari nawaeleza,
Ni ya Pemba kisiwani, msimu ulipoanza,
Karafuu mashambani harufu zikieneza,
Binti alivyojikaza hadi akasema kweli.

Babu yake alichuma akiwa juu ya ngazi,
Bibi naye hakukoma kuchambua kwa ujuzi,
Makonyo aweka nyuma, yasende kwa wanunuzi,
Wote walijua kazi, kutofautisha mali.

Juani zikaanikwa, zikabadilika rangi,
Jioni zikafunikwa, umande usiwe mwingi,
Guniani zikawekwa, zikisubiri shilingi,
Kakaye kataka nyingi, akatumia akili.

Makonyo akayazoa, kaya nzima imelala,
Gunia akafungua, akayamwaga kwa hila,
Dada naye akajua, akiamkia sala,
Kaka kamwambia: “Wala usitamke kauli.

“Kilo mbili zikizidi, nani atakayesema?
Babu apate zaidi, aondoke kwenye dhima,
Nasi tuvae za Idi, nguo mpya za heshima,
Ukinyamaza daima, hakuna wa kutudhili.”

Kituoni wakafika, foleni ikiwa ndefu,
Karani aliandika, daftarini, kwa safu,
Babu naye kainuka, mpole, mtu nadhifu,
“Je, mzigo si mchafu?” kaulizwa hilo swali.

Babu kajibu kwa raha: “Bibi amezichambua.”
Hakuijua karaha chini iliyotulia,
Binti kaona fedheha babu kumuangalia,
Kaka alimfinyia jicho, anyamaze tuli.

Akawaza: “Wakijua, baada ya sisi kwenda,
Babu watamchukia, hata waliompenda,
Na mwakani akitua gunia alilolinda,
Watapekua kwa inda, neno lake wakejeli.”

“Babu,” kasema kwa hofu, sauti ikitetema,
“Gunia si kamilifu, makonyo chini yazama,
Wewe ulivyo mwongofu, usibebeshwe lawama,
Tumwage kabla kupima, kipimo kiwe halali.”

Nani kayatia ndani, binti hakumtamka,
Nduguye pale foleni hakutaka kumwanika,
Kaka, macho aridhini, mwenyewe akasikika:
“Ni mimi niliyeweka, wala sikuwaza mbali.”

Gunia likamiminwa pale pale sakafuni,
Moja moja zikaonwa, makonyo yawe pembeni,
Wengine wakapimiwa, wao wakiwa kazini,
Jua likawa kichwani, wakamaliza shughuli.

Mzani ukapungua, pamoja na fedha zake,
Babu akazipokea, katia mfuko wake,
Kaka akajitolea akose za Idi zake,
Karani kwa wino wake kandika: “Safi kamili.”