Tarehe kwenye Kidirisha

Saa ya mkono ya Babu ilikuwa ya kutia ufunguo, na upande wa kulia, penye namba 3, palikuwa na kidirisha kidogo cha tarehe. Sudi alikipenda kidirisha hicho kuliko kitu chochote nyumbani, kwa kuwa ndipo mahali pekee alipoiona siku yake kila mwaka.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 2016, Jumatatu. Mwaka 2020 siku ilirudi, lakini alikuwa na miaka minne na hakukumbuka chochote. Miaka mingine kalenda ya ukutani ilirukia Machi bila kumwomba radhi. Saa ya Babu haikujua habari hizo. Sahani yake ya tarehe ilikuwa na namba 1 hadi 31, ikisogea hatua moja kila usiku, mwezi uwe mfupi, uwe mrefu. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 1 Machi iliamka ikisoma 29. Babu alivuta kifundo cha pembeni nusu, akakizungusha: 30, 31, 1. Siku ya Sudi ilikuwa imekwisha kabla ya chai.

Mwaka 2022 Sudi alisema, "Babu, leo nitaigeuza mimi."

Akapewa. Akakaa nayo uani, akaitazama ile 29 mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akairudisha vilevile.

"Tayari?"

"Tayari."

Babu aliiamini saa yake kuliko kalenda. Machi 11, Ijumaa, alikuwa na miadi ya kupimwa macho. Alifika Jumatatu, tarehe 14, saa ikimwonyesha 11, akaambiwa zamu yake imepita. Alirudi kimya. Sudi alijua mambo yameharibika, maana Babu akikasirika hasemi.

Jioni akamwita. "Umeniweka nyuma siku tatu."

"Nilitaka ibaki, Babu. Kila mwaka unaifuta."

Babu akaivua saa, akaiweka mezani kati yao. "Siifuti. Haijatimia. Jua halijali hesabu zetu: mwaka ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 45. Hizo saa tano na ushee tunaziweka kando. Miaka minne zinakuwa ngapi?"

Ilichukua karatasi mbili. Sudi alisahau kubeba dakika mara ya kwanza. Hatimaye: saa 23 na dakika 15.

"Siyo siku nzima!"

"Ehe! Lakini sisi tunaongeza siku nzima, kwa hiyo tumejikopesha dakika 45. Katika miaka 400 deni linafika siku tatu na saa tatu, ndiyo maana tunafuta siku tatu. Mwaka wa mia unakuwa mrefu ukigawanyika kwa 400 tu. 1900 ulinyimwa, 2000 ulipewa, na 2100 utanyimwa."

Sudi akahesabu kwa vidole. "Kutoka 2096 mpaka 2104. Miaka minane!"

"Utakuwa mzee kuliko mimi. Utavumilia."

Mwaka 2023 mama alikuwa akijaza fomu kwenye simu, orodha ya siku za Februari ikakomea 28. Akajaribu mara tatu, akaanza kuandika 28. Sudi akamshika mkono. Sehemu ya mwaka bado ilisoma 2023. Mama alipochagua 2016 kwanza, 29 ikajitokeza. Machi mosi hiyo Sudi aligeuza kifundo mwenyewe, hatua tatu kamili, ingawa kwenye 29 alisita kidogo.

Tarehe 28 Februari 2024, Jumatano, aliruhusiwa kukesha. Babu alimwonya asiguse kifundo: kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa, magurudumu ya tarehe yanakuwa yameshikana, na ukilazimisha, meno madogo yanakatika. Saa ikalala chini ya taa. Ilipokaribia saa sita, 8 ilianza kuzama polepole. Kwa muda kidirisha kilionyesha nusu ya 28 na nusu ya kitu kingine. Kisha sahani ikaruka.

29.

Sudi hakupiga kelele. Alisinzia pale pale mezani.

Asubuhi Babu alitia ufunguo, akaivaa saa. Sudi alimtazama vidole. Havikugusa tarehe. Siku nzima shuleni aliwaambia wenzake kwamba ana miaka minane, nao wakasema ana miwili, na leo hakubishana.

Usiku akamfuata Babu kitandani.

"Kesho itasoma 30."

"Naam."

"Hatua mbili tu, siyo tatu. Nitageuza baada ya kupambazuka."

Babu aliivua, akamfunga mkononi. Mkanda ulipwaya mpaka kwenye kiwiko.