Zoezi la Kidato cha Pili: Kirejeshi "ji" na Kauli ya Kutendana

Kabla hujaanza: "ji" hukaa baada ya kiambishi cha wakati, mbele ya mzizi: a-li-ji-kata. Haibadiliki kwa nafsi: nilijikata, ulijikata, tulijikata. Nafasi hiyo ndiyo ya yambwa, kwa hiyo "alijimkata" haipo. Nimeikuta kwenye daftari tano wiki hii, naomba isirudi. Kiambishi "-ana" chenyewe huja mwishoni mwa kitenzi, na watendaji huwa wawili au zaidi, au mmoja anayefuatwa na "na": Hamisi aligombana na Bakari.

Andika upya kila sentensi, ukikamilisha kitenzi cha kwenye mabano kwa "ji" au "-ana" na wakati uliotajwa. Alama 2 kila moja.

1. Jana Hamisi (kata, uliopita) kidole akimenya muhogo.
2. Kabla ya hapo yeye na Bakari (gomba, uliopita) kwa sababu ya kisu hichohicho.
3. Mama akauliza, "Kwani nyinyi (penda, uliopo, kanusha)?"
4. "Bakari siku hizi (ona, uliopo) bingwa," Hamisi akajibu.
5. "Mimi na yeye (salimu, ujao, kanusha) mpaka aniombe radhi!"
6. Leo wote wawili (samehe, timilifu).
7. Lakini Hamisi (osha, timilifu, kanusha) kidonda.
8. Mama anatumaini kesho (tahidi, ujao) kukiosha.

Majibu (usigeuze karatasi kabla hujamaliza)

1. alijikata. 2. waligombana. 4. anajiona. 6. wamesameheana. 7. hajajiosha.

3. hampendani. Katika kukanusha wakati uliopo, "a" ya mwisho hugeuka "i". Anayeandika "hampendana" amesahau nusu ya kazi. Wakati uliopita hauna mabadiliko hayo: hamkupendana.

5. hatutasalimiana. Si "salimuana": vitenzi vya asili ya Kiarabu havipokei "-ana" kwa namna moja. Samehe huwa sameheana, jibu huwa jibizana.

8. atajitahidi. Hapa nimewatega. "Ji" hii si kirejeshi, ni sehemu ya neno lenyewe, lililotoka Kiarabu. Ukiitoa, "tahidi" haisimami. Kipimo hicho husaidia, ingawa si kamili: ukitoa "ji" kwenye "jivuna" unabaki na "vuna", na mwenye majivuno hajavuna chochote.

Swali la ziada, alama 4: tofautisha "Walijipaka unga" na "Walipakana unga".

Jibu: katika ya kwanza kila mmoja alijipaka mwenyewe. Katika ya pili huyu alimpaka yule, na yule akampaka huyu. Kenya na Tanzania nazo zinapakana, ila huko ni mpaka, hakuna unga.