Dola Kumi na Mbili

Toka nimalize chuo mwaka na nusu sasa nipo tu hapa Majengo, Moshi, namenya ndizi za mtori kwenye kibanda cha mama, majirani wameshachoka hata kuuliza ajira vipi. Usiku nafungua laptopu, betri imekufa kwahiyo umeme ukikatika na mimi nimezima, nachora logo za wateja wa mtandaoni. Mteja mmoja wa kahawa kanirudishia kazi mara nne, eti punje inafanana na mende, na kweli ilifanana jamani. Ya tano akaikubali. Saa nane usiku simu ikalia, dola 15, wenye mtandao wakakata 3 zao. Nikamwamsha mama. Akakodolea kioo weee, "Sasa hizi unatolea kwa wakala gani mwanangu?"