Pendekezo la Kuanzisha Huduma ya Ushauri na Unasihi Shuleni

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule
Kupitia: Mkuu wa Shule

Naomba Bodi iridhie shule yetu, iliyo kando ya ziwa hapa Ilemela, ianzishe huduma ya ushauri na unasihi kuanzia muhula ujao.

Kwa sasa mwanafunzi mwenye shida huitwa ofisi ya walimu, akasimama katikati ya meza huku walimu wakisahihisha madaftari, na kuhojiwa mbele yao. Hujibu, "Hakuna kitu, mwalimu," kisha hurudi darasani na shida yake. Wapo wavulana ambao giza la mwezi likiingia hukesha ziwani wakivua dagaa, na asubuhi huadhibiwa kwa kusinzia bila kuulizwa nyumbani kuna nini.

Wahusika

Walimu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wapewe jukumu la unasihi na wapunguziwe vipindi. Wasiwe katika kamati ya nidhamu wala wasichape mtoto yeyote, kwa kuwa hakuna mwanafunzi atakayemfungulia moyo mtu aliyemwadhibu jana. Sharti hili naliona kubwa kuliko mengine yote. Walimu wa darasa watambue dalili na kumwelekeza mwanafunzi, wasichunguze wenyewe.

Usiri

Anachosema mwanafunzi hakitajadiliwa katika kikao cha walimu wala kupelekwa kwa mzazi bila ridhaa yake. Kumbukumbu ziandikwe kwa namba badala ya jina na zifungiwe kabatini. Hata hivyo, usiri una mpaka, na mwanafunzi aambiwe hivyo kabla hajaanza kueleza: akitaka kujidhuru au kumdhuru mwenzake, au akifanyiwa ukatili, mnasihi hatanyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa.

Njia za rufaa

Shauri la ukatili lipelekwe siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliyebakwa afikishwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Mwenye dalili za ugonjwa wa akili aelekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na ikibidi Bugando. Endapo mtuhumiwa ni mtumishi wa shule, hata akiwa kiongozi, mnasihi aende moja kwa moja ustawi wa jamii bila kuomba kibali cha mtu yeyote shuleni. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bila malipo, ibandikwe kila darasa na mabwenini.

Tunachoomba ni stoo ya zamani iliyo nyuma ya maktaba, kwa sababu anayeingia huko haonekani kutoka jengo la utawala, pamoja na viti vitatu, pazia na kabati lenye kufuli.

Mwalimu wa Malezi