Taarifa ya Ajali Kazini: Karakana ya Useremala, Mwanza

Jumanne, 14 Mei 2024, saa 4:20 asubuhi, fundi wa mashine ya randa alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto akisukuma ubao mfupi wa mninga. Mfupa haukuguswa. Walioshuhudia ni msaidizi wake na mtunza stoo. Wote wanasema kinga ya visu ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi. Hilo halikupaswa kuruhusiwa.

Msaidizi alizima umeme, akakandamiza jeraha kwa shashi safi na kuinua mkono. Majeruhi alifikishwa hospitali saa 4:50, akashonwa, akapewa mapumziko ya siku 10.

Mashine imefungwa kwa kufuli hadi kinga irudishwe na kukaguliwa. OSHA na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wataarifiwa leo.

Msimamizi wa zamu