Mtoto Anapojigaragaza Mbele za Watu

Shikamooni wazee wetu. Wenzangu, habari za asubuhi. Najua Jumamosi ni siku ya kufua na ya kwenda sokoni, kwa hiyo nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Mwalimu ameniomba nisizungumze sana ili maswali yapate nafasi, basi nianze.

Wengi mnanifahamu kutoka kliniki. Mama akishapima uzito wa mtoto na kadi ikajazwa, mara nyingi haondoki. Anazungukazunguka pale mezani, halafu anainama na kuniuliza taratibu: "Sista, huyu nyumbani hana shida kabisa. Tukitoka tu, anajitupa chini, anapiga mateke, watu wanajaa. Nimemkosea wapi?" Anaongea kama mtu anayeungama dhambi. Na baba naye, siku akimtoa mtoto peke yake na hilo likamkuta, anarudi nyumbani na kumwambia mama, "Umemdekeza." Leo nataka tuiondoe hiyo aibu, kwa sababu ndiyo inayotufanya tukosee pale barabarani.

Tuchukue mtoto wa miaka miwili na nusu. Mko naye sokoni Rangi Tatu, saa nane mchana. Ameamshwa alfajiri, usingizi wake wa mchana umepita, tangu uji wa asubuhi amekula andazi moja. Jua kali, makonda wanaita abiria, muziki kila duka, wewe umemshika mkono huku unahesabu chenji. Anaona juisi ya pakiti imepangwa pale usawa wa macho yake. Anaitaka. Unamwambia, "Leo hapana." Ndani ya sekunde chache yuko chini kwenye vumbi.

Nini kimetokea kichwani mwake? Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala. Hiyo kazi yake ni kupiga kengele: kuna hatari, kuna jambo kubwa. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa tayari inafanya kazi. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosema, "Subiri, tulia, juisi utapata siku nyingine." Hiyo ndiyo breki, na breki hiyo hukua polepole mno. Inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Sasa fikiria mtoto wa miaka miwili ana breki kiasi gani. Na hicho kidogo alicho nacho kinaishiwa nguvu kwa njaa, kwa usingizi, kwa kelele na joto. Kengele ikilia, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Ndiyo maana ukijaribu kumbeba anakuwa mgumu kama gogo, au anajilegeza mpaka anakuponyoka mikononi. Hakupanga. Mwili wake umemzidi.

Halafu kuna suala la maneno. Umri huo anaelewa mambo mengi kuliko anayoweza kuyasema. Hana namna ya kukwambia, "Mama, nimechoka, miguu inauma, halafu ile nyekundu nimeipenda." Anachoweza kusema ni "nataka!" na kilio. Ukimwambia "kesho," kesho kwake haipo bado. Kwake kuna sasa tu. Na huu ndio umri ambao ameanza kujua kwamba yeye ni mtu wa peke yake mwenye matakwa yake. Mnamsikia nyumbani: "Mwenyewe! Navaa mwenyewe!" Ni hatua njema hiyo, tunaitafuta hata kliniki tunapoangalia ukuaji. Lakini mtu mwenye matakwa makubwa na breki ndogo atagonga tu.

Kwa nini basi nyumbani ametulia? Kwa sababu nyumbani anajua kila kitu kilipo, anakula kwa saa zake, na akihema unamsikia. Sokoni vitu vizuri vyote haruhusiwi kuvigusa, anasubiri bila kujua anasubiri nini, na wewe mwenyewe macho yako yako kwenye bei ya nyanya. Mwaka 1931 mtafiti wa Kimarekani, Florence Goodenough, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kuwaomba wazazi waandike kila hasira ya mtoto ilipotokea. Hasira zilikuwa zinazidi kabla ya saa za kula na mtoto anapochoka. Karibu miaka mia sasa, na bado tunawapeleka sokoni saa nane bila kula.

Sasa niseme jambo linalonigusa zaidi. Mtoto aliye chini hawaoni wale watu waliojaa. Unawaona wewe. Yeye hajui aibu, hajui kwamba jirani yako wa mtaani amepita. Anachokiona ni uso wako. Watoto wadogo husoma uso wa mzazi kujua kama mambo ni salama. Uso wako ukikunjamana kwa sababu ya macho ya watu, sauti ikawa kali, kwake ni ushahidi kwamba kweli kuna hatari, na kengele inalia zaidi. Hapo mtoto analilia juisi na wewe unaogopa watu, kila mmoja na lake.

Na aibu hiyo ndiyo inayotusukuma kwenye mambo mawili. La kwanza, tunampa ile juisi ili anyamaze. Hapa niwe mkweli: kilio cha kwanza hakikuwa hila, lakini mtoto anajifunza. Akipata juisi baada ya kujitupa chini, ubongo wake unaandika. Na mbaya kuliko zote ni leo umkatalie, kesho umpe, keshokutwa umkatalie tena, kwa sababu anajifunza kwamba akilia muda mrefu zaidi huenda akapata. Kama unajua utampa, mpe mwanzoni alipoomba vizuri. Ukishasema hapana, hapana hiyo ibaki.

La pili ni kofi, au vitisho. Kofi linamnyamazisha, sikatai, lakini ananyamaza kwa hofu. Ile breki haijajengwa hata kidogo. Na vitisho, jamani! "Nitakuacha hapa." "Yule baba atakuchukua." Mtoto wa miaka miwili anaamini kila neno. "Ukilia nakupeleka kwa nesi akuchome sindano." Nawaomba sana hilo mliache. Mimi ndiye huyo nesi. Mtoto anafika mlangoni kwangu kuja kupimwa urefu tu, anatetemeka, anamng'ang'ania mama shingoni, kwa sababu amenisikia nyumbani nikitajwa kama adhabu.

Mfanye nini? Kwanza hakikisha usalama. Kama ni karibu na barabara au mtu anakaanga chipsi pembeni, mbebe umtoe, hata akipiga mateke. Msogeze kando ya duka, penye kivuli. Kisha chuchumaa uwe usawa wake. Maneno machache mno: "Umekasirika. Ulitaka juisi. Leo hatununui. Mama yupo." Basi. Hotuba ndefu haiingii, maana sehemu ya ubongo inayosikiliza hoja kwa wakati huo haifanyi kazi yake. Usimuulize "kwa nini unafanya hivi?" kwa sababu hajui. Kaa hapo, pumua polepole. Wewe ndiye breki yake kwa dakika hizo.

Nimesema dakika, na ni dakika kweli. Mtafiti mwingine, Michael Potegal, amezichunguza hasira hizi kwa miaka mingi, hata kuwavalisha watoto nguo zenye vipaza sauti vidogo ili zirekodiwe sauti zao. Nyingi zinaisha ndani ya dakika tano. Aligundua pia kwamba hasira na huzuni havifuatani kama tulivyodhani. Huzuni ipo muda wote. Hasira ndiyo inayopanda haraka juu yake, halafu inashuka. Kwa hiyo ukisikia mayowe na mateke, usilazimishe kumkumbatia, utazidisha. Subiri. Utasikia sauti inabadilika, mayowe yanageuka kilio cha kwikwi, macho yanakutafuta. Hapo ndipo mikono ifunguke. Mpe maji, mfute kamasi, mwendelee na safari. Msimkumbushe jioni mbele ya baba, "Leo mwanao kaniaibisha."

Kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Mkiweza, sokoni nendeni naye baada ya kula na kulala. Mwambie mapema mnakwenda kununua nini: "Tunanunua vitunguu na dagaa. Juisi hatununui." Mpe kazi, abebe limao moja, hiyo limao ni mali kubwa mikononi mwake. Mpe uchaguzi mdogo ambao wewe unauweza: tubebe hiki au kile?

Bibi zetu mliopo hapa, ninyi mna nafasi kubwa. Mkimwona binti barabarani na mtoto yuko chini, msitikise kichwa. Mshikieni mfuko. Mwambieni, "Pole mwanangu, wote tumepita hapo." Na tafadhali msimpe mtoto pipi ili anyamaze kabla hamjamuuliza mama yake.

Kuna hali za kuja kliniki. Mtoto anayelia mpaka anabana pumzi, midomo inakuwa bluu, anazimia: mara nyingi anarudi mwenyewe haraka na haimdhuru, lakini mleteni tumpime, kwa sababu wengine tunakuta wana upungufu wa madini chuma, na hiyo ina dawa. Mleteni pia anayejiumiza kila akikasirika, anayelia karibu nusu saa kila mara bila kutulia, aliyeshapita miaka mitano na hali haipungui, au aliyekuwa ameanza kusema maneno kisha akayaacha. Huyo wa mwisho msimsubiri hata mwezi.

Nimeona yule baba wa nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema kofi. Karibu baba, tuanze na wewe.